Silinda inakwenda haraka kuliko hesabu yangu, lakini gogo hailipasui. Kosa liko wapi?

FundiPasua (Moshi), Jumamosi, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Pasua hapa Moshi. Ndiyo, mashine ya kupasulia kuni inatengenezwa Pasua. Wateja wameshanicheka vya kutosha, nyie nisameheni.

Kuna shule ya bweni imenipa kazi ya mashine ya haidroliki ya kupasulia kuni za jikoni. Mti wao mwingi ni mgrivea, na huo hauna shida. Shida ni mikaratusi, hasa vipande vyenye vichwa vya matawi. Niliahidi tani 20 na nimeandika hivyo kwenye makubaliano.

Vitu nilivyonavyo: silinda ya mtumba, kipenyo 120 mm, rodi 50 mm, mwendo wa rodi 60 cm. Pampu ya gia, muuzaji kasema ni 16 cc. Mota ya fezi tatu, 5.5 kW, kibao chake kinasema mizunguko 1440 kwa dakika. Geji ipo na valvu ya rilifu ipo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Presha 175 bar kwenye kipenyo cha 120 inanipa tani 20. Pampu 16 cc mara 1440 ni kama lita 23 kwa dakika, kwa hiyo kusukuma mwendo mzima ilitakiwa ichukue sekunde 17 au 18.

Sasa maajabu. Bila gogo, rodi inatoka yote kwa sekunde 13 na kidogo. Haraka kuliko hesabu! Nikafurahi. Nilipoweka gogo la mkaratusi ikasimama katikati na rilifu ikaanza kupiga filimbi, geji ikiwa 140. Nikakaza rilifu hadi 175: mota inanguruma, na baada ya magogo mawili matatu magumu ovalodi inakata umeme. Nimerudisha 140.

Halafu kitu kingine, inarudi haraka kuliko inavyokwenda. Hiyo ni kawaida au sili ya ndani imekufa?

---

Kijana_Ngarenaro (Arusha), saa 3:40 usiku

Mkuu, kurudi haraka ni kawaida. Upande wa kurudi rodi imekula nafasi, oili inayojaza ni kidogo.

Tatizo lako ni pampu. Umeuziwa kubwa kuliko ulivyoambiwa. Chukua ujazo wa silinda yako ugawe kwa hizo sekunde 13, utaona pampu inatoa karibu lita 30 kwa dakika. Hiyo si 16 cc, ni kama 20 au 21. Pampu kubwa inakimbiza silinda na papo hapo inailemea mota. Ndiyo maana ovalodi inakata. Tafuta 16 ya kweli, utapata tani zako 20.

---

Tipa_la_Usa, saa 3:58 usiku

Na mimi nadandia hapo hapo. Nina tela la kumwagia mchanga, silinda ile ya kuchomoka hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza inapanda taratibu, ya mwisho inaruka kama imefukuzwa. Na mchanga ukiwa umelowa ukagandia tela, hatua ya mwisho ndiyo inayokwama. Pampu yangu nayo kubwa?

---

MzeeWaFita (Moshi), Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Nimekaa miaka mingi na mashine za kiwandani kabla ya kustaafu, naomba niingie.

Fundi wa Pasua, hiyo 120 uliipima wapi? Kwa tepu, juu ya bomba?

---

FundiPasua, saa 2:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Ndiyo, kwa tepu, nikapima juu kwa juu. Rodi niliipima kwa venia, 50 kamili.

---

MzeeWaFita, saa 2:31 asubuhi

Marahaba. Basi nadhani tumelipata, ila usiniamini bado.

Oili haijui unene wa bomba. Inasukuma pistoni tu, na pistoni iko ndani. Bomba la silinda ya aina hiyo huwa na ukuta wa milimita kadhaa kila upande. Kama wako una 10, basi ndani ni 100, na hapo kila kitu kinageuka, maana nguvu inakwenda na kipenyo mara kipenyo.

Sisi karakana tulikuwa na hesabu ya kidole: kipenyo cha ndani kwa sentimita, mara chenyewe, mara 0.8, mara bar za geji. Jibu ni kilo. Jaribu ya kwako: 12 mara 12 mara 0.8 mara 175, unapata kilo 20,160. Hizo ndizo tani zako 20 ulizoahidi. Sasa weka 10 badala ya 12, na 140 ambazo geji inaonyesha kweli: 10 mara 10 mara 0.8 mara 140. Kilo 11,200.

Umeahidi tani 20, una 11. Mkaratusi unakwambia ukweli.

Kijana wa Ngarenaro hajakosea kwa kubahatisha. Silinda ya 120 na pampu kubwa ingetoa sekunde zile zile kama silinda ya 100 na pampu ya 16. Sekunde za kwenda peke yake haziwezi kututenganishia. Lakini Fundi ametaja kitu cha pili bila kujua thamani yake: inarudi haraka. Haraka kiasi gani?

Nipimie hivi. Toa gogo. Washa mashine dakika kumi oili ipate moto kidogo. Simu yako ina saa ya kupimia. Pima kwenda mwendo mzima mara tano, kurudi mara tano, ugawe upate wastani. Wakati inarudi tazama geji, uniambie inasoma ngapi. Hilo usilisahau.

---

Kijana_Ngarenaro, saa 2:44 asubuhi

Mzee, kurudi si itategemea pampu vile vile? Pampu kubwa itarudisha haraka pia.

---

MzeeWaFita, saa 2:50 asubuhi

Pampu ndiyo ile ile kwenda na kurudi. Ukigawanya muda mmoja kwa mwingine, pampu inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni umbo la silinda tu.

---

FundiPasua, saa 5:17 asubuhi

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi karakana, mke wangu ananitazama tu.

Kwenda: 13.6, 13.9, 13.7, 13.5, 13.8. Wastani 13.7.
Kurudi: 10.2, 10.1, 10.4, 10.1, 10.2. Wastani 10.2.
Geji wakati wa kurudi ni kama 35, haitulii sana.

---

MzeeWaFita, saa 5:49 asubuhi

Vizuri sana. 35 maana yake rilifu haijafunguka, kwa hiyo oili yote ya pampu inaingia kwenye silinda kweli. Ingekuwa inasoma karibu na 140, vipimo vya kurudi vingekuwa takataka.

Sasa fuata. Wakati wa kwenda pampu inajaza duara lote la pistoni. Wakati wa kurudi inajaza duara hilo ukiondoa duara la rodi. Kwa hiyo zile sekunde zilizookolewa, 13.7 toa 10.2, yaani 3.5, ni sekunde za kujaza nafasi iliyochukuliwa na rodi. Rodi unaijua kwa venia, ni 50. Basi umeshapata kipimo cha kupimia kingine chote: kama sekunde 3.5 ni duara la 50, sekunde 13.7 ni duara la ngapi?

```
D = d x sqrt( T1 / (T1 - T2) )
D = 50 x sqrt( 13.7 / 3.5 )
D = 98.9
```

D ni ndani ya silinda, d ni rodi, T1 kwenda, T2 kurudi. Hakuna anayetengeneza silinda ya 98.9 kwa makusudi. Hiyo ni 100, na kilichobaki ni kidole chako kwenye simu.

Ingekuwa 120 ndani, kurudi kungechukua sekunde 11.3. Tofauti ya sekunde nzima huwezi kuikosa kwa kidole.

---

BintiMekanika (Arusha), saa 7:10 mchana

Shikamoo mzee. Hii nimeipenda, chuoni tulipewa fomula ya kasi lakini hakuna aliyetuambia unaweza kuigeuza ikakupa kipenyo bila kufungua silinda.

Ila nina tahadhari moja. Inafanya kazi vizuri hapa kwa sababu rodi ni nene, nusu ya kipenyo. Kwenye silinda yenye rodi nyembamba, T1 na T2 zitakaribiana sana, na kosa la sehemu ndogo ya sekunde litakupeleka mbali. Hata hapa, kama kurudi kungekuwa 10.4 badala ya 10.2, jibu lingekuwa karibu 102.

Sasa tukishakubali 100, tunaweza kuirudia pampu. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 78.5, mara mwendo wa 60, ni lita 4.71. Zimeingia kwa sekunde 13.7, kwa hiyo pampu inatoa lita 20.6 kwa dakika. 16 cc mara 1440 ingekuwa 23. Inakosekana lita mbili na nusu.

---

Kijana_Ngarenaro, saa 7:26 mchana

Nimenyoosha mikono kuhusu pampu kubwa. Lakini lita mbili na nusu kukosekana bila mzigo ni nyingi. Hiyo pampu imechoka, au ni 14 cc imebandikwa jina la 16.

---

MzeeWaFita, saa 7:55 mchana

Hapo uko kwenye njia. Pampu ya gia nzima, bila mzigo, hutoa karibu yote inayozungusha. 14 cc mara 1440 ni lita 20.2. Yeye kapima 20.6, na pampu haiwezi kutoa zaidi ya ujazo wake, kwa hiyo mtu angesema si 14. Lakini tofauti hiyo ni asilimia mbili tu, na saa ya simu inaweza kukosea kiasi hicho. Inaweza kuwa 14 nzima, inaweza kuwa 16 iliyolika, inaweza kuwa 16 inayovuta hewa kwenye mpira wa kunyonya. Oili ikiwa na povu jeupe kwenye tangi, anza na hewa.

Kwa sekunde hizi sitakuamulia. Soma namba zilizogongwa kwenye mwili wa pampu, kama hazijafutwa kwa msasa.

---

FundiPasua, saa 8:30 mchana

Zimefutwa mzee. Povu halipo.

Sawa, pampu tuiache. Nieleweshe hili la mota. Kama nina tani 11 kwa 140, nikikaza hadi 175 si napata 14? Kwa nini mota ya 5.5 kW inashindwa kitu kidogo hivyo?

---

BintiMekanika, saa 9:02 alasiri

Kaka, chukua bar mara lita kwa dakika, gawa kwa 600. Unapata kilowati zinazokwenda kwenye oili. 175 mara 20.6 gawa kwa 600 ni 6.0. Umeshapita 5.5 kabla hujahesabu kinachopotea ndani ya pampu. Ukiongeza hicho, mota inadaiwa zaidi ya 7.

Kwa 140 oili inabeba 4.8, na ukiongeza upotevu mota iko kwenye 6 hivi ikiwa pampu ni 16. Ni juu kidogo ya kibao, lakini ni sekunde chache gogo likikataa, kisha inapumzika wakati wa kurudi. Mota ya aina hiyo inavumilia. Haivumilii 175 gogo baada ya gogo, na jioni umeme ukishuka ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ovalodi yako ni nzima. Usiikaze.

---

FundiPasua, saa 9:15 alasiri

Nilikuwa nimeshachukua bisibisi niikaze 😅

Basi nifanyeje? Nina watu wawili wananiambia vitu viwili. Mmoja anasema nunua pampu ndogo, 10 cc. Mwingine anasema nunua silinda ya 125 ya ndani.

---

MzeeWaFita, saa 11:40 jioni

Wote wawili wanakuuzia kitu kimoja.

Ukiweka pampu ya 10 badala ya 16, mota ile ile kwa mzigo ule ule itaweza presha ya 16 gawa 10 mara 140, yaani 224. Silinda ya 100 kwa 224 inatoa 10 mara 10 mara 0.8 mara 224, karibu tani 18. Lakini oili inaingia polepole: 13.7 mara 1.6, sekunde 22 kwenda.

Ukibaki na pampu yako na 140, ukaweka silinda ya 125: 12.5 mara 12.5 mara 0.8 mara 140, tani 17 na nusu. Nayo ina nafasi kubwa ya kujaza: sekunde 21 na kidogo.

Unaona? Zinalingana, maana mota ni moja na imeshatoa ilichonacho. Unachoongeza kwenye nguvu unakikata kwenye kasi. Hizo tani 20 kwa sekunde 13 zinataka mota kubwa kuliko hiyo.

Ila kwa karakana hazilingani. Kwa 224 lazima kila kitu kikubali: pampu yenyewe, silinda ya mtumba ambayo hujui ilitengenezewa presha gani, na mipira. Mpira wa nusu inchi wenye waya safu moja ni wa 160 bar. Wa safu mbili ni 275. Soma ulioandikwa ubavuni. Mpira wa safu moja kwa 224, karibu na mpishi wa shule anayeinama kupanga kuni, mimi siuwashi. Silinda ya 125 kwa 140 inakuacha upande wa salama, ingawa fremu yako nayo itabeba tani 17 badala ya 11, kwa hiyo angalia weldi za miguu ya silinda na za kabari.

---

Kijana_Ngarenaro, saa 12:22 jioni

Kuna njia ya tatu, pampu ya hatua mbili. Ina gia mbili: bila mzigo zote zinasukuma, inakwenda mbio. Ikigusa gogo gumu moja inajitoa, inabaki ndogo yenye presha. Mashine nyingi za kupasulia kuni za kiwandani zinatumia hiyo. Hupotezi sekunde 22 kwa kila kipande cha mgrivea ambacho kingepasuka kwa tani tano.

---

MzeeWaFita, saa 12:35 jioni

Hilo ni jibu zuri kuliko yangu mawili, akiipata. Ila kumbuka ile presha ya juu inarudi pale pale kwenye mipira na silinda.

---

Tipa_la_Usa, saa 12:50 jioni

Wazee mmenisahau. Nimepima kwenda na kurudi kama mlivyosema, kupanda sekunde 31, kushuka 48. Fomula inanipa namba hasi chini ya kipeuo. Simu imegoma.

---

MzeeWaFita, saa 1:04 usiku

Hahaha, simu ina haki ya kugoma. Yako ni ya njia moja. Pampu inapandisha tu, kushuka ni uzito wa tela unaisukuma oili irudi tangini kupitia valvu na mpira. Sekunde 48 ni habari ya tundu la valvu na uzito wa tela, pampu haimo. Hesabu ya Fundi ni ya silinda inayosukumwa na pampu pande zote mbili.

Kuhusu kuruka: kila hatua inayofuata ni nyembamba kuliko iliyotangulia. Oili ni ile ile, nafasi imepungua, inakwenda haraka. Na kwa sababu imekuwa nyembamba, kwa presha ile ile inasukuma kwa nguvu ndogo. Kwa kawaida mchanga unakuwa umeshamwagika ukifika hatua ya mwisho, kwa hiyo haionekani. Mchanga uliolowa ukigandia ndani, hatua dhaifu kuliko zote inakutana na mzigo ambao haukutarajiwa. Usikaze rilifu kwa ajili hiyo, tela litapinduka. Shusha, gongeni ubavu, pandisha tena.

---

FundiPasua, Jumanne, saa 2:48 usiku

Mrejesho. Nimeifungua silinda, sili ya rodi ilikuwa inavuja hata hivyo. Venia ndani: 100.0. Ukuta wa bomba 10. Mzee umenipimia silinda kwa saa ukiwa nyumbani kwako.

Nimekwenda shuleni nikawaeleza kwamba tani 20 nilizoandika hazipo. Mama wa jikoni hakujali tani kabisa. Alichouliza ni kama akipasua magogo mia moja atamaliza kabla ya chai ya wanafunzi. Kwa sekunde 13 kwenda na 10 kurudi nimemwambia dakika arobaini kama kila gogo linapasuka mara moja, na kupanga juu yake. Kasema kuipunguza kasi hataki, mikaratusi yenye vichwa wataweka pembeni.

Kwa hiyo sasa nawaza kuacha silinda ya 100 na 140 yangu, halafu kuinoa kabari. Niliichonga butu kweli, kama patasi ya mawe. Kuna mwenye kipimo cha pembe ya kabari kwa mti wetu?

---

Kijana_Ngarenaro, saa 3:15 usiku

Mimi naweka nyembamba mbele kisha inapanuka nyuma, iingie kwanza ndiyo itanue. Pembe naipima kwa jicho.

---

MzeeWaFita, saa 3:33 usiku

Kabari nyembamba mno itazama ndani ya mkaratusi mbichi na kung'ang'ania, na hapo ndipo utakapojua nguvu ya kurudi. Kumbuka kurudi huna tani 11. Toa duara la rodi: 100 toa 25, mara 0.8, mara 140. Tani 8.4 za kuichomoa.

---

FundiPasua, saa 3:41 usiku

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kesho nanoa moja nyembamba na kuijaribu kwenye gogo lililokauka kwanza. Na yule wa silinda ya 125 kanipigia tena leo. Nimemuuliza 125 ni ya ndani au ya nje. Kasema anakwenda kutafuta tepu.